Printa mpya na waifai ya nyumbani: ubonyeze kitufe cha WPS au uandike mwenyewe?

Kuna njia mbili za kuingiza printa mpya kwenye waifai ya nyumbani. Ya kwanza ni kubonyeza kitufe kilichoandikwa WPS kwenye ruta, kisha kitufe cha Wi-Fi kwenye printa, na vifaa hivyo viwili vimalizane vyenyewe. Ya pili ni kuipa printa jina la mtandao na paswedi kwa mkono: kwenye kioo chake kama inacho, kwa simu, au kwa kompyuta na kebo ya USB.

Wengi huanza na kitufe kwa sababu kazi yote ni dakika mbili. Kikikubali, hakuna haja ya kusoma zaidi. Tatizo ni kwamba kikikataa hakisemi kwa nini, na nyumba zinazotumia ruta ya laini ya simu zina sababu moja kubwa ya kukataliwa: mwenye ruta amejitahidi kulinda bando lake. Ameficha jina la waifai jirani asilione, au ameorodhesha simu zinazoruhusiwa na kufungia nyingine zote nje. Hatua hizo mbili ndizo zinazoizuia printa.

Tuchukue nyumba ya Mwanga, Kigoma mjini, yenye ruta ya Huawei ya laini ya 4G. Ruta ipo dirishani upande unaotazama mnara, jina la waifai ni `Nyumbani_Mwanga`, na limefichwa. Printa ni Epson L3250, ile ya tenki za wino isiyo na kioo, yenye vitufe na taa tu. Kwa printa ya aina nyingine mahali pa vitufe patabadilika, ila mantiki ni hiyo hiyo.

Kabla ya kugusa waifai

Jaza wino kwanza na uiache printa iuvute mpaka imalize. Kazi hiyo huchukua kama dakika 10, na taa ya umeme hupepesa muda wote. Usiizime katikati. Ikimaliza, iweke karibu na ruta, chumba kimoja, mita mbili au tatu. Utaihamishia chumba chake baadaye. Uwezo wa printa kushika waifai si sawa na wa simu, kwa hiyo simu kuonyesha mistari mitatu ya waifai mahali fulani si ushahidi kwamba printa nayo itashika hapo.

Jambo la pili ni masafa. L3250, kama printa nyingi za bei ya kawaida, inasikia masafa ya 2.4 GHz tu. Ya 5 GHz kwake hayapo kabisa. Fungua ukurasa wa ruta kwa kuandika `192.168.8.1` kwenye kivinjari cha simu iliyo ndani ya waifai hiyo (ruta nyingi za TP-Link na ZTE hutumia `192.168.0.1`, na ya kwako imeandikwa kwenye kibandiko cha chini). Ingia sehemu ya Wi-Fi au WLAN uhakikishe 2.4 GHz imewashwa. Kama ruta yako ina masafa yote mawili kwa jina moja, yatenganishe kwa muda: ya 5 GHz ipe jina lenye `_5G` mwishoni. Bila hivyo simu inaweza kuwa kwenye 5 GHz wakati unaiongoza printa, na programu ya simu ikaipa printa mtandao ambao printa haiuoni.

Njia ya kitufe

1. Tafuta kitufe cha WPS kwenye ruta. Kinaweza kuwa juu, ubavuni au nyuma, na mara nyingine kimechorwa mishale miwili inayozunguka badala ya herufi. Ruta nyingi ndogo za mfukoni hazina kitufe hiki. Huko WPS, kama ipo, iko ndani ya ukurasa wa ruta.
2. Kibonyeze kwa sekunde mbili au tatu, uachie. Taa ya waifai au ya WPS itaanza kupepesa.
3. Ndani ya dakika 2, nenda kwenye printa. Kwa L3250, shikilia kitufe cha Wi-Fi mpaka taa zake mbili zianze kupepesa kwa kupokezana, uachie.
4. Subiri bila kugusa kitu. Taa ya Wi-Fi ya printa ikitulia bila kupepesa, printa imeingia.

Hizo dakika 2 ndiyo kanuni ya WPS yenyewe. Zikipita, ruta inafunga mlango na lazima uanze upya kwa vitufe vyote viwili. Kuanzia ruta au printa ni sawa, mradi cha pili kibonyezwe ndani ya muda.

Hatua ya pili ina mtego. Kwenye ruta kadhaa za TP-Link, kitufe kimoja kimeandikwa WPS/RESET. Ukikibonyeza kidogo ni WPS. Ukikishikilia sekunde 10 hivi, ruta inajifuta na kurudi ilivyotoka kiwandani. Jina la waifai, paswedi na mipangilio ya laini vinaondoka vyote, na simu zote za nyumbani zinatoka mtandaoni kwa pamoja. Mtu anayedhani kitufe ni kigumu akaongeza nguvu na muda ndiye anayeishia hapo. Na kile kitundu kidogo kinachohitaji pini kukifikia ni cha kufuta tu, hakina uhusiano na WPS.

Njia hii ina faida moja ya kweli: ruta huikabidhi printa jina na paswedi kwa njia iliyofichwa, kwa hiyo huhitaji kuijua paswedi wala kuiandika. Kama aliyefunga ruta alisafiri na paswedi kichwani mwake, kitufe kinakuokoa.

Kitufe kinapokataa

Turudi kwenye nyumba ya Mwanga. WPS ikabonyezwa, taa za printa zikapokezana, dakika mbili zikapita, taa haikutulia. Ikarudiwa, yakawa yale yale. Printa haina kasoro na kitufe hakijaharibika. Jina la waifai limefichwa, na kanuni za WPS za sasa haziruhusu kitufe kufanya kazi kwenye mtandao uliofichwa. Ruta nyingi huizima WPS kimyakimya pale unapoficha jina. Kitufe kinabonyezeka kama kawaida na hakuna kinachotokea.

Sababu ya pili inafanana na hiyo: ruta ikiwekwa kwenye ulinzi wa WPA3 peke yake, WPS haifanyi kazi, kwa kuwa WPA3 haikuijumuisha. Rudisha kwenye WPA2, au ule mchanganyiko unaoandikwa `WPA2/WPA3`, ndipo ujaribu tena.

Ya tatu hutokea kwenye nyumba za kupanga zilizobanana. Kama jirani naye ameiwasha WPS ya ruta yake katika dakika zile zile, printa inaona milango miwili wazi na kwa usalama inakataa yote miwili. Subiri dakika tano, urudie.

Zote tatu zinaonekana vilevile kwa macho: taa inapepesa, kisha haitulii. Kwa hiyo ushauri wetu ni kujaribu kitufe mara mbili tu. Ya tatu haitakupa habari mpya. Hamia njia ya mkono, kwa sababu yenyewe inakuandikia kosa lilipo.

Njia ya mkono

Kwa printa isiyo na kioo kuna simu na kuna kompyuta. Kwa Epson programu ya simu ni Epson Smart Panel, kwa Canon ni Canon PRINT, na HP na Brother wana za kwao. Kabla ya kuifungua, washa Bluetooth na huduma ya mahali ulipo, yaani Location, na uzime data ya simu. Kuzima data kunasahaulika sana. Programu huiunganisha simu na printa moja kwa moja kwa muda mfupi, na mtandao huo wa muda hauna intaneti. Simu ikigundua hivyo hukimbilia data ya laini, mazungumzo yakakatika, na programu ikakuambia printa haionekani. Simu ikiuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali ubaki.

Simu inafaa pale jina la waifai linapoonekana. Kwa jina lililofichwa, kompyuta yenye kebo ya USB ina uhakika zaidi. Kebo yenyewe ni ile yenye kichwa bapa upande wa kompyuta na kichwa cha karibu mraba upande wa printa. Mara nyingi haimo kwenye boksi, kwa hiyo inunue siku ile ile ya printa.

1. Kompyuta ikiwa ndani ya waifai ya nyumbani, fungua `epson.sn`, andika aina ya printa, upakue programu ya kufunga. Hakikisha bando linatosha kabla ya kuanza.
2. Iendeshe. Ikiuliza namna ya kuunganisha, chagua waifai, usichague USB. Kebo hapa ni ya kupitishia maelezo tu.
3. Chomeka kebo pale inapokuambia, si kabla.
4. Hakiki jina la mtandao, au liandike. Herufi kubwa na ndogo ni vitu tofauti: `Nyumbani_Mwanga` na `nyumbani_mwanga` ni mitandao miwili kwa printa. Nafasi iliyojificha mwishoni mwa jina nayo inahesabiwa.
5. Andika paswedi. Kama ina sifuri na O, au l na I, isome kwenye ukurasa wa ruta badala ya kuitegemea karatasi iliyobandikwa ukutani.
6. Subiri ikuambie imeunganishwa, kisha chomoa kebo.

Ikigoma, bonyeza kitufe cha printa chenye alama ya karatasi. Itachapa ripoti ya mtandao. Ripoti hii ndiyo inayoipa njia ya mkono thamani yake, kwa hiyo isome kabla ya kurudia chochote. Juu yake utaona hivi:

```
Check Network Connection
Check Result   FAIL
Error code     (E-6)
```

E-2, E-3 na E-7 zinakurudisha kwenye jina na paswedi: ama umekosea herufi, ama ruta haionekani kutoka printa ilipo. E-5 ni aina ya ulinzi isiyolingana. E-6 ni ruta kuikataa printa kwa sababu haimo kwenye orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa. E-8 ni anwani ya IP isiyo sahihi, yaani ile namba ya kifaa ndani ya mtandao.

Nyumba ya Mwanga ilikuwa na mambo mawili kwa pamoja. Jina lilipoandikwa sawasawa, kizuizi cha kwanza kikaondoka na ripoti ikatoka na E-6. Maana yake jina limepatikana, na sasa kinachozuia ni ile orodha. Kwenye ripoti hiyo hiyo kuna mstari wa `MAC Address`, namba inayoitambulisha printa yenyewe, wenye jozi sita za herufi na tarakimu. Kwenye ruta za Huawei, nenda mipangilio ya WLAN, sehemu ya `WLAN MAC Filter`, uongeze anwani hiyo kwenye orodha ya kuruhusu, uhifadhi. Zima printa, iwashe, ichape ripoti nyingine. Safari hii inasoma PASS.

Kwa kitufe, mambo hayo mawili yangeonekana kama moja. Ungefichua jina, ukabonyeza tena, kikagoma tena, na ungeamua kwamba kufichua jina hakukusaidia.

Kuhusu kuficha jina, tuseme wazi kwamba ulinzi wake ni mdogo. Simu zenu zenyewe hulitaja jina hilo hewani kila zinapotafuta waifai. Orodha ya MAC nayo inasumbua zaidi siku hizi, kwani simu za Android 10 na kuendelea huweza kutumia anwani ya kubuni badala ya halisi. Paswedi ndefu ya WPA2 isiyogawiwa ovyo hulinda bando vizuri kuliko vyote viwili. Ukikubaliana na hilo, fichua jina na kitufe kitarudi kufanya kazi. Kitu cha kuzima ni WPS ya PIN, ile ya tarakimu 8. Mwaka 2011 ilibainika kwamba ruta huikagua PIN hiyo kwa vipande viwili, kwa hiyo anayebahatisha anahitaji majaribio kama 11,000 tu. Kitufe chenyewe hakina udhaifu huo.

Ipe printa anwani isiyohama

Njia yoyote uliyotumia, hapa hali ni moja: ruta imeipa printa anwani ya muda. Umeme ukikatika na kurudi, kila kifaa kinaomba anwani upya, na printa inaweza kupata nyingine. Kompyuta inaendelea kutuma kazi kwenye anwani ya zamani na kuandika `Offline`, ingawa taa ya waifai ya printa imetulia. Watu huifunga printa upya kila mara umeme ukirudi kumbe ni hili tu.

Ruta nyingi za Huawei za laini hugawa anwani kuanzia `192.168.8.100` hadi `192.168.8.200`. Ipe printa namba iliyo nje ya hapo, tuseme `192.168.8.50`. Soma anwani ya sasa kwenye ripoti, iandike kwenye kivinjari, na ukurasa wa printa utafunguka. Epson za karibuni zikikuomba paswedi ya msimamizi, ya mwanzo ni namba ya serial iliyo kwenye kibandiko cha nyuma. Kwenye mipangilio ya mtandao, badili kupata anwani kutoka otomatiki kwenda kwa mkono, kisha ujaze:

```
IP Address        192.168.8.50
Subnet Mask       255.255.255.0
Default Gateway   192.168.8.1
```

Kwenye TP-Link kuna njia nyepesi zaidi: sehemu ya DHCP, `Address Reservation`, unaandika MAC ya printa na anwani unayotaka. Printa yenyewe huigusi.

Kisha kwenye Windows ongeza printa kwa mkono ukichagua kutumia anwani ya IP, uandike namba hiyo. Siku ikiandika `Offline`, fungua Command Prompt ujaribu:

```
ping 192.168.8.50
```

Ikijibu, waifai ni nzima na shida iko kwenye kompyuta. Isipojibu, chapa ripoti. Ukiona anwani inayoanza na `169.254`, printa haikupata anwani yoyote kutoka kwa ruta: ruta haijamaliza kuwaka, au printa iko mbali mno. Hali hii huipata printa iliyoachwa kwenye anwani ya otomatiki. Zima printa, acha ruta iwake dakika mbili nzima, ndipo uiwashe.

Bando likiisha, au ukibadili laini

Kuchapa kutoka kwenye simu au kompyuta iliyo ndani ya nyumba hakutumii bando. Kazi inatoka kwenye kifaa, inapita kwenye ruta, inaingia kwenye printa. Bando likiisha saa nne usiku na mtoto ana kazi ya kuwasilisha asubuhi, printa itachapa, mradi ruta ina umeme. Isipokuwa HP zilizosajiliwa kwenye HP+: hizo zinataka intaneti muda wote, kwa hiyo uliza kabla ya kukubali usajili huo siku ya kwanza.

Ukihamia mtandao mwingine wa simu na kununua ruta mpya, usianze kwa kuiunganisha printa upya. Ipe ruta mpya jina lile lile, paswedi ile ile na ulinzi ule ule wa WPA2, herufi kwa herufi. Printa itaingia yenyewe, haijui kama ruta imebadilika. Kwa hilo unahitaji kuijua paswedi, na aliyeunganisha kwa kitufe mara nyingi haijui: isome kwenye ukurasa wa ruta ya zamani kabla hujaizima. Kama uliipa printa anwani ya mkono, angalia pia ruta mpya inaanza na namba gani. Ikiwa ni `192.168.0.1`, ile `192.168.8.50` haitafika popote, na ukurasa wa printa hautafunguka kwa waifai. Chomeka ile kebo ya mraba, endesha programu ya kufunga upya, urudishe anwani kwenye otomatiki, kisha uipe namba mpya.